Unaondoka kazini na bodi imepata Mwenyekiti mpya: mwongozo kamili wa kuandika meseji ya kumkaribisha na kushukuru

Hii ni kwa ajili ya wale mlio sekretarieti, yani maafisa utawala, wahasibu, waratibu wa miradi, wanaoandika mihtasari ya bodi, ambao mkataba unaisha au barua ya kuacha kazi imeshapokelewa, na kipindi hichohicho shirika limechagua Mwenyekiti mpya wa bodi. Hapa Dar inatokea mara nyingi tu, kwa sababu mikataba yetu inafuata mradi na uchaguzi wa bodi unafuata katiba, basi vitu viwili visivyohusiana vinaangukia mwezi mmoja na wewe unajikuta unamwandikia mtu anayeingia wakati wewe unatoka.

Ugumu wake uko hapa. Huyo Mwenyekiti mpya hujafanya naye kazi kama Mwenyekiti hata siku moja, sasa unamshukuru kwa lipi? Na kumkaribisha unamkaribishaje nyumba ambayo wewe unaihama? Watu wengi wakifika hapo wanajaza karatasi na maneno matamu, nafasi hii adhimu, kiongozi shupavu, tunu ya taifa, na meseji inaishia kuwa haina kitu, au mbaya zaidi inasema kitu ambacho mwandishi hakukusudia kabisa. Kwa hiyo twende taratibu, nitaeleza hatua halafu nitachukua meseji moja ya kweli kabisa ya dada mmoja niliyemsaidia tukaipitia sentensi kwa sentensi.

Kwanza hakikisha huyo Mwenyekiti ameshakuwa Mwenyekiti

Usiandike kwa kuona picha kwenye grupu Jumamosi jioni mkutano mkuu umeisha watu wanapiga makofi. Fungua katiba ya shirika uone nani anamchagua Mwenyekiti. Kuna mashirika ambayo wanachama wanamchagua moja kwa moja kwenye mkutano mkuu, na kuna mengine ambayo wanachama wanachagua wajumbe tu, halafu wajumbe wenyewe ndio wanakaa kikao cha kwanza kuchaguana nani awe Mwenyekiti nani Makamu. Hiyo ya pili ndiyo inayochanganya watu, maana aliyepata kura nyingi mkutanoni kila mtu anamwita Mwenyekiti wakati kikao bado.

Halafu kuna suala la makabidhiano. Mara nyingi Mwenyekiti wa zamani anaendelea kusaini hati mpaka siku ya makabidhiano, kwa hiyo ukituma meseji "Ndugu Mwenyekiti" kwa mtu mpya na nakala kwa bodi nzima wakati mzee bado ana kalamu mkononi, umewaweka wawili hao pabaya na wao hawajakukosea. Subiri Mkurugenzi atoe taarifa ya maandishi, hata kama ni imeli ya mistari miwili. Hiyo ndiyo ruhusa yako.

Upande wa pili usichelewe. Imeli ya ofisi kwa kawaida inafungwa siku yako ya mwisho, na meseji ya namna hii ikitoka kwenye imeli yako binafsi wiki mbili baada ya kuondoka inasomeka tofauti kabisa, inaonekana kama mtu anayetafuta kitu. Kama unalipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo muda upo. Mimi nashauri itoke ndani ya wiki baada ya tangazo rasmi, na angalau siku tatu za kazi kabla hujarudisha funguo, ili kama ana la kujibu akukute bado upo.

Pili, ipite kwa Mkurugenzi

Hapa ndipo watu wazuri wanapojiharibia bila kujua. Wewe unaripoti kwa Mkurugenzi Mtendaji, Mkurugenzi anaripoti kwa bodi. Mwenyekiti mpya ana siku nne tu ofisini, hajui hata choo kiko wapi, ghafla anapata meseji ya pembeni kutoka kwa mfanyakazi anayeondoka, hata kama imejaa shukrani tupu, swali la kwanza kichwani kwake ni "pale kuna nini?" Na siku atakapomwambia Mkurugenzi "yule binti aliniandikia", Mkurugenzi atajiuliza umeandika nini, na hapo huyo ndiye atakayepigiwa simu na mwajiri wako ajaye kuulizwa habari zako.

Dawa yake ni nyepesi. Mwonyeshe Mkurugenzi kabla ya kutuma, mwambie "Bosi, nataka kumwandikia Mwenyekiti kumkaribisha na kuaga, hii hapa, nitakuweka kwenye nakala". Kama ofisi yenu inapenda barua rasmi ya karatasi basi weka mstari wa K.K. Mkurugenzi Mtendaji chini ya anwani ya Mwenyekiti kama tunavyofanya siku zote. Kama anayeondoka ni Mkurugenzi mwenyewe hii haimhusu, yeye anaandika moja kwa moja kwa Mwenyekiti na nakala kwa wajumbe wote akiwemo Mwenyekiti aliyemaliza muda wake.

Tatu, tenga karatasi tatu

Hii naomba muishike vizuri maana karibu kila meseji mbovu niliyoiona, ubovu wake ulitoka hapa. Mtu anayeondoka ana mambo matatu ya kusema na yote yanataka kutoka kwa mkupuo. Kuna shukrani na ukaribisho, kuna makabidhiano ya kazi, na kuna madai yake. Kila moja ina karatasi yake na msomaji wake.

Makabidhiano ni taarifa ndefu inayokwenda kwa Mkurugenzi. Humo ndimo unaweka kwamba faili la mihtasari liko kabati gani, mhuri nani kaupokea, ni nani bado hajarejesha masurufu, na yale mambo ambayo mabadiliko ya uongozi yanayaleta. Kwa mfano Mwenyekiti wa zamani akiwa ni mweka saini wa akaunti, benki itataka azimio la bodi lililosainiwa pamoja na vitambulisho na picha za mweka saini mpya, na mpaka hilo lifanyike malipo yanaweza kukwama wakati pesa zipo. Vilevile kama shirika limesajiliwa kwa Msajili wa NGO, mabadiliko ya viongozi yanatakiwa kupelekwa kule, yasikae tu kwenye daftari la mkutano. Haya ni mambo Mwenyekiti mpya anayahitaji kweli, lakini hayakai kwenye meseji ya shukrani. Kwenye meseji unaweka sentensi moja tu inayomwambia yapo wapi na yapo kwa nani.

Madai ni likizo ambayo hukuchukua, nauli, malimbikizo, yote hayo yanaandikwa kwa Mkurugenzi au afisa utumishi kwa barua yake. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako, sheria hiyohiyo ya 2004 inamtaka mwajiri akupe unapoondoka, kwa hiyo huna haja ya kukiombea kwa lugha laini ndani ya salamu za Mwenyekiti. Ukichanganya shukrani na dai, dai linadhoofika na shukrani inaonekana ilikuwa chambo.

Na paswedi usiandike popote, iwe meseji, iwe makabidhiano. Zinakabidhiwa ana kwa ana na zinabadilishwa hapohapo.

Nne, tafuta tendo moja kwenye mihtasari

Sasa turudi kwenye lile swali, unamshukuru kwa lipi. Jibu ni kwamba shukrani yako inakwenda sehemu mbili. Kwa Mwenyekiti mpya unashukuru kwa kukubali kubeba huo mzigo, maana wajumbe wengi wa bodi za mashirika yetu wanajitolea tu, hawalipwi mshahara, na kama alikuwa mjumbe kabla ya hapo unashukuru kwa jambo alilofanya akiwa mjumbe. Kwa Mwenyekiti aliyemaliza na bodi nzima unashukuru kwa jambo walilokufanyia au walilofanyia ofisi ukiwepo. Meseji inamwendea mpya lakini wa zamani anatajwa ndani yake kwa heshima yake, na anapata nakala. Huyo wa zamani anastahili pia meseji yake peke yake, ila hiyo ni kazi nyingine.

Ili upate tendo usitegemee kumbukumbu. Kaa na faili la mihtasari, soma vikao vyote vya kipindi chako, sanasana sehemu ya maazimio na yatokanayo. Tafuta mahali ambapo bodi iliamua kitu na wewe ukaona matokeo yake kwenye meza yako.

Yule dada niliyemsema alikuwa afisa utawala wa shirika moja dogo maeneo ya Mwananyamala, linafanya kazi na wanawake wafanyabiashara wa sokoni, na pia ndiye aliyekuwa anaandika mihtasari ya bodi. Mwenyekiti mpya alikuwa mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye tayari alikuwa mjumbe upande wa kamati ya fedha. Mwenyekiti aliyemaliza ni mzee mmoja aliyetumikia vipindi viwili na alikuwa na watu wake waliompenda na wengine waliochoka naye, kama kawaida. Tulipokaa na faili tukapata vitu viwili. Kulikuwa na kikao cha dharura ambapo ruzuku ilichelewa na yule mzee akaitisha wajumbe wakaidhinisha akiba itumike kulipa mishahara ya miezi miwili. Na kulikuwa na azimio lililoletwa na yule mama kwamba hakuna mtu kupewa masurufu mapya kabla hajarejesha ya zamani na risiti zake, halafu kila robo mwaka alikuwa anakuja mwenyewe ofisini anakaa na mhasibu wanapitia hati za malipo moja moja. Hiyo picha ya mama amevaa miwani yake anageuza hati za malipo na kumuuliza mhasibu "hii risiti ya bajaji mbona haina tarehe", ina uzito kuliko neno shupavu ukiliandika mara kumi.

Tano, andika

Hii ndiyo rasimu yake ya kwanza, aliitaipu kwenye simu akiwa kwenye mwendokasi:

> Shikamoo Mama. Napenda kuchukua nafasi hii adhimu kukupongeza kwa ushindi wa kishindo. Hatimaye shirika limepata kiongozi anayejua kazi. Kwa kweli tumepitia kipindi kigumu na mimi binafsi nimevumilia mengi ila naamini wewe utarekebisha. Naondoka tarehe 31 lakini moyo wangu uko hapa, tutaendelea kushirikiana, ukihitaji chochote nipigie muda wowote hata usiku. Asante kwa yote Mama yetu. Mungu akubariki sana.

Ukiisoma haraka ni meseji nzuri ya mtu mwenye moyo mzuri, na kweli alikuwa na moyo mzuri. Lakini itazame kwa macho ya yule mzee, maana mjumbe yeyote anaweza kuisambaza na ndani ya saa moja iko kwake.

"Ushindi wa kishindo" maana yake kuna aliyeshindwa kwa kishindo. Bodi haina chama tawala na upinzani, na huyo aliyeshindwa bado ni mwanachama na pengine bado ni mjumbe. Sema kuchaguliwa, inatosha.

"Hatimaye shirika limepata kiongozi anayejua kazi" hiyo ndiyo sentensi ya hatari kuliko zote. Dada alikuwa anamsifu mama, hakuwa anamwaza mzee kabisa, lakini neno hatimaye linasema kwamba siku zote hizo hapakuwa na mtu. Kuna njia moja ya kupima hii kitu. Kila sifa unayompa mpya, isome kama vile wewe ndiye wa zamani, ukisikia inachoma hata kidogo ibadilishe iwe tendo lake mwenyewe lisilohitaji kulinganishwa na mtu. "Ulikuwa unakaa na mhasibu kila robo mwaka" haimgusi yeyote.

"Nimevumilia mengi ila naamini wewe utarekebisha" tumeshasema, hayo ni malalamiko, yana karatasi yake. Yakiwa nusu nusu hivi ni mabaya kuliko yakisemwa yote, kwa sababu Mwenyekiti hawezi kuyafanyia kazi na hawezi kuyasahau.

"Tutaendelea kushirikiana" si kweli, anaondoka. Anayeondoka hana ahadi ya kutoa kwa niaba ya ofisi. Anachoweza ni kumkaribisha kwa watu anaowaacha, kuwataja kwa kazi zao, na kusema kile anachokijua kuhusu kazi yao. Huo ndio ukaribisho wenye maana kutoka kwa mtu anayetoka.

"Nipigie muda wowote" inasikika kama ukarimu wa kawaida kabisa na sisi Waswahili ndivyo tulivyo, lakini ukweli ni kwamba unafungua mlango wa nyuma. Mwenyekiti atakuwa anakupigia wewe kuuliza mambo ya ofisi badala ya Mkurugenzi, na mrithi wako atakuwa anasikia "mbona yule dada aliniambia vingine". Weka mpaka: muda gani, kwa jambo gani, kupitia nani.

"Asante kwa yote" ndiyo pale palipotakiwa kujazwa, na ndiyo pakaachwa patupu.

Kuhusu Shikamoo, ni sahihi kabisa kwa mama mtu mzima lakini iweke kwenye ujumbe wa wasapu unaosindikiza, kwenye barua yenyewe anza na "Ndugu Mwenyekiti" au kama ana cheo chake kama Dokta, Mhandisi, Balozi, Mchungaji, Sheikh, mtaje nacho kama anavyotajwa kwenye muhtasari. Hata akiwa mdogo kwako kwa umri bado kwenye barua ni Ndugu Mwenyekiti, usimwite mdogo wangu hata kama mlisoma naye.

Hii sasa ndiyo iliyotoka mwisho:

> YAH: KUKUKARIBISHA NA KUTOA SHUKRANI
>
> Ndugu Mwenyekiti,
>
> Hongera kwa kuchaguliwa, na karibu katika nafasi hii mpya. Nakushukuru kwa kukubali kuibeba.
>
> Mimi ni afisa utawala na nimekuwa nikiandika mihtasari ya vikao vya bodi. Mkataba wangu unaisha tarehe 31 mwezi huu, kwa hiyo naandika kukukaribisha na kuaga kwa pamoja.
>
> Ukiwa mjumbe wa kamati ya fedha ulileta azimio la kurejesha masurufu kabla ya kuchukua mengine, na kila robo mwaka ukawa unakuja kukaa na mhasibu kupitia hati za malipo. Sisi wa ofisini tulijifunza kuandaa hati zetu mapema kwa sababu hiyo. Nakushukuru.
>
> Naishukuru pia bodi chini ya Mwenyekiti aliyemaliza muda wake. Ruzuku ilipochelewa aliitisha kikao cha dharura na mishahara yetu ya miezi miwili ikalipwa. Mimi na familia yangu hatutalisahau hilo.
>
> Unaowakuta ofisini ni watu wanaoijua kazi. Mhasibu unamfahamu. Maafisa wawili wa mradi wanafahamiana na viongozi wa masoko yote tunayofanya nayo kazi, na ukipenda kutembelea sokoni watakupeleka.
>
> Taarifa yangu ya makabidhiano, pamoja na mambo yanayosubiri saini yako, nimeikabidhi kwa Mkurugenzi. Nitakuwepo ofisini hadi tarehe 31, na baada ya hapo nikihitajika kufafanua muhtasari wowote, Mkurugenzi ana namba yangu.
>
> Nakutakia kazi njema.
>
> Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mwenyekiti aliyemaliza muda wake

Angalia urefu wake, inaingia kwenye ukurasa mmoja na Mwenyekiti anaimaliza akiwa kwenye foleni ya Morocco. Ikizidi ukurasa mmoja ujue makabidhiano yameanza kupenyeza humo. Angalia pia kwamba jambo la mishahara limetajwa bila kusema ruzuku ilichelewa kwa kosa la nani, na masurufu yametajwa bila kumtaja aliyekuwa harejeshi. Na lile neno la familia dada aliling'ang'ania libaki, mimi nikakubali mara moja, maana ndilo la kwake kweli, kodi ya nyumba ya miezi ile ilitoka pale.

Kama Mwenyekiti mpya ni mtu wa nje kabisa, hakuwahi kuwa mjumbe, aya ya tatu huna cha kuweka na usitunge. Usimsifu kwa vitu ulivyosoma mtandaoni. Mshukuru kwa kukubali, halafu aya ya watu wa ofisini irefushe kidogo, maana yeye ndiye anayeihitaji zaidi kujua nani anafanya nini.

Mkiwa mnaondoka wengi

Mradi ukifungwa mnaweza kuondoka watu watano kwa mpigo. Andikeni moja, si tano. Mmoja aandike, wote wasome, na kila mmoja awe na haki ya kufuta sentensi asiyokubaliana nayo, kwa sababu jina lake litakuwa chini yake. Ugomvi huwa unakuja kwenye tendo la kushukuru, dereva anakumbuka jambo moja na mhasibu lingine, basi chagueni lile lililowagusa wote. Mwenye shukrani yake binafsi, kwa mfano bodi ilimsaidia msiba, aiandike peke yake.

Sita, kutuma

Tuma kwa imeli ya ofisi asubuhi ya siku ya kazi. Maneno yawe ndani ya imeli yenyewe, na kama ofisi inataka faili basi ambatisha na PDF yenye sahihi. Usitume faili ambalo mtu anaweza kulifungua na kubadilisha. Kichwa cha imeli kisiwe "Kwaheri", maana Mwenyekiti atashtuka, weka "Kukukaribisha na kutoa shukrani, afisa utawala".

Watu wazima wengi wenye nafasi hizi hawafungui imeli kila siku, kwa hiyo baadaye mchana mtumie wasapu fupi: "Shikamoo Mama. Ni afisa utawala wa ofisini. Nimekutumia imeli ya kukukaribisha, Mkurugenzi ana nakala. Siku njema." Basi. Usimtumie sauti ya dakika tatu, na usibandike meseji nzima pale kwa sababu kwenye wasapu ni rahisi kukatwa kipande kikasambazwa bila mwanzo wake. Grupu la pamoja lenye wajumbe, wafanyakazi na wanachama pia si mahali pake, utawalazimisha watu hamsini kujibu "hongera sana" na mzee yumo anasoma.

Kama kuna hafla ya kuaga na umepewa kipaza sauti, usisome barua. Sema mambo mawili tu kutoka ndani yake, tendo la bodi ya zamani na karibu kwa Mwenyekiti mpya, ukianza na la zamani kwa sababu mzee atakuwa amekaa mbele.

Saba, akijibu

Mara nyingi atajibu kwa asante na dua, na hapo pameisha, usianzishe mazungumzo. Kuna wakati atauliza "mbona unaondoka mwanangu, kuna tatizo?" Hilo swali linaulizwa kwa upendo na pia kwa kutafuta habari, na vyote viwili ni halali kwake. Kama ni mkataba umeisha sema mkataba umeisha. Kama kuna mambo ya ofisi hayako sawa, mjibu hivi: "Mama, ya kikazi nimeyaandika yote kwenye makabidhiano, na bodi ikiniita rasmi nitakuja kueleza." Hapo hujaficha na hujachongea.

Ila kama unachokijua ni kizito kweli, mfano pesa zimeliwa au mtu kanyanyaswa kingono, usikinyamazie kwa sababu ya adabu za kuaga. Kiandikie barua rasmi kwa bodi yenye tarehe, na ushahidi ulionao, uitume peke yake. Na kama anayelalamikiwa ni Mkurugenzi mwenyewe, barua hiyo haipiti kwake, inakwenda kwa Mwenyekiti moja kwa moja. Meseji ya shukrani katika hali hiyo inaweza kusubiri au isiandikwe kabisa, maana ukimshukuru mtu Jumatatu halafu ukalalamika Jumatano, watakuuliza lipi ulimaanisha.

Siku ya mwisho, ukishakabidhi laptopu na funguo na kusainiana fomu, jitoe kwenye grupu la bodi baada ya Mkurugenzi kutangaza kwamba umeondoka, si kabla. Orodha ya namba na imeli za wajumbe uliyokuwa nayo kwa ajili ya kuitisha vikao ni mali ya ofisi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo usiondoke nayo kwenye flashi wala usimpe mwajiri mpya anayetafuta wajumbe wa bodi yake. Namba ya Mwenyekiti unaweza kubaki nayo kama yeye mwenyewe alikupa au alikujibu kwa simu yake. Kopi ya barua yako ya shukrani ijitumie kwenye imeli yako binafsi kabla ya imeli ya ofisi kufungwa, hiyo umeiandika wewe na haina siri ya mtu.